Macho ni mazima, lakini upande wa kushoto haupo

*Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi mwezi uliopita, upande wa kulia wa ubongo. Sasa anakula nusu ya kulia ya sahani halafu anasema chakula kimeisha. Ananyoa ndevu za shavu moja, na nikimsemesha nikiwa kushoto kwake hageuki. Daktari wa macho amempima akasema macho ni mazima. Ndugu zangu wanasema anajifanya ili ahurumiwe. Tena nimesoma kwamba kuna watu wakiumia ubongo hawatambui sura hata za watoto wao. Ni ugonjwa uleule? Na baba anaweza kufika huko?*

Marahaba. Baba hajifanyi, na ningependa hilo liwafikie nduguzo leo, kabla hawajaendelea kumgombeza. Daktari wa macho naye hakukosea. Shida ya baba ni hali ya kupuuza upande mmoja, na huwapata watu wengi mno waliopigwa kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, hasa katika wiki za mwanzo. Kutotambua nyuso ni hali nyingine, ya sehemu nyingine ya ubongo, inayolishwa na mshipa mwingine wa damu. Lakini ulivyoziweka pamoja umefanya vizuri, kwa sababu zote mbili zinaonyesha jambo lilelile: mtu anaweza kupoteza kipande kimoja tu cha kazi ya kuona, huku macho yakiwa hayana kasoro.

Jicho hupokea mwanga na kuupeleka kama ishara hadi nyuma kabisa ya ubongo, kwenye kisogo. Pale kisogoni ishara hizo bado ni mistari, kingo, rangi na miendo. Kutoka hapo kazi hugawanyika. Kwa kurahisisha sana, njia moja hupanda kuelekea utosini, nayo hushughulika na mahali vitu vilipo na kipi kati yake kistahili kuangaliwa. Njia nyingine hupita chini kuelekea panja, nayo hushughulika na kujua kitu ni nini na mtu ni nani. Kwa wagonjwa kama baba yako, mara nyingi kilichoumia ni eneo la kulia ambapo utosi na panja hukutana. Kwa mtu asiyetambua nyuso, kilichoumia ni sehemu ya chini, upande wa tumbo la ubongo, kati ya kisogo na panja.

Sasa tuanze na baba, maana kuna vipimo vichache ambavyo mtaalamu huvifanya kando ya kitanda, na wewe pia unaweza kuviona kwa macho yako. Chukua karatasi nyeupe, uilaze mbele yake, katikati sawasawa na kifua chake. Chora mstari mmoja mnyoofu wa kulala, urefu wa sentimita 20. Mwambie aweke alama katikati kabisa ya mstari, na usimsogezee karatasi. Mtu mzima wa afya hukosea kwa milimita chache tu. Mtu anayepuuza kushoto ataweka alama yake kulia, pengine sentimita tatu au nne kupita katikati, naye ataridhika kabisa kwamba pande mbili ni sawa. Usimsahihishe. Unachokiona pale ni kwamba sehemu ya kushoto ya mstari haikuhesabiwa alipokuwa anakadiria.

Halafu chukua karatasi nyingine uitawanyie vistari vifupi, kama 40 hivi, vikienda kila upande, vingine vimelala na vingine vimesimama. Mwombe avikate vyote kwa kalamu. Kuna uwezekano mkubwa ataanza kulia, akate vya kulia vyote, asogee kidogo kuelekea katikati, kisha aweke kalamu chini na kukwambia amemaliza, huku karatasi ya kushoto ikiwa haijaguswa. Wengine hurudia kukata vilevile vya kulia mara ya pili na ya tatu. Hapo pana jambo ambalo mimi hulipenda sana. Ukivichora vistari hivyo kwa penseli, kisha badala ya kalamu ukampa ufutio na kumwambia avifute, mara nyingi atafika mbali zaidi kushoto. Kila anachokifuta kinatoweka, na upande wa kulia unabaki hauna kitu cha kumng'ang'ania. Kumbe basi tatizo si kwamba kushoto hakuonekani tu. Kulia kunamvuta, na akishavutwa hawezi kujinasua.

Kipimo cha tatu ndicho cha kuwajibu nduguzo. Simama mbele yake, umwambie akutazame puani, asihamishe macho. Nyoosha mikono yako miwili kulia na kushoto, kisha chezesha kidole cha upande mmoja tu na umuulize ni kipi kimecheza. Ukichezesha cha kushoto kwake peke yake, wagonjwa wengi wa aina hii hukiona na kukisema. Cha kulia peke yake pia hukiona. Lakini ukichezesha vyote viwili kwa pamoja, atasema ni cha kulia tu. Kidole kilekile cha kushoto alichokiona sekunde chache zilizopita sasa hakipo, na kilichobadilika ni kwamba kimepata mshindani. Jicho lingekuwa bovu, kisingeonekana hata kikiwa peke yake. Na anayejifanya angetakiwa kujua mapema ni kwa namna gani hasa ajifanye.

Hapa lazima nikutofautishie na kitu kinachofanana nayo sana, kwa sababu hata wahudumu wa afya huchanganya. Kiharusi kinaweza pia kukata njia ya kuona yenyewe, mgonjwa akawa kipofu wa nusu ya kushoto katika macho yote mawili. Huyo ni kipofu kweli wa nusu hiyo, ila kwa kawaida baada ya muda anajijua. Anageuza kichwa, anapeleka macho kushoto kufidia, anasema mwenyewe kwamba huku haoni. Ukimpa mstari wa kugawa katikati, kosa lake mara nyingi huelekea kushoto, yaani upande aliopofuka, kinyume kabisa na anayepuuza. Yule anayepuuza hafidii chochote, kwa sababu haoni kwamba kuna cha kufidia. Bahati mbaya wapo wenye yote mawili kwa pamoja, na hao ndio wanaotaka mtaalamu akae nao muda mrefu.

Ushahidi ulioniondolea shaka kwamba hili si jambo la macho ulitoka Milano, Italia, mwaka 1978. Watafiti wawili, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliwauliza wagonjwa wa mji huo swali lisilohitaji kuona chochote. Katikati ya Milano kuna uwanja mkubwa mbele ya kanisa kuu, na kila mkazi anaujua. Mgonjwa aliambiwa ajione kichwani mwake amesimama upande wa pili wa uwanja, ametazama kanisa, kisha ataje majengo anayoyakumbuka. Akataja yaliyo upande wake wa kulia, ya kushoto akayaacha karibu yote. Angeishia hapo, ungesema amesahau. Lakini kisha aliambiwa ajione amehamia kwenye ngazi za kanisa, ametazama upande alikotoka. Sasa kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Mgonjwa yuleyule akaanza kutaja majengo ambayo dakika chache zilizopita hakuyataja, na yale aliyoyataja mwanzo akayaacha.

Tafakari maana yake. Kumbukumbu ya uwanja mzima ilikuwemo, haikupotea hata kidogo. Macho hayakutumika kabisa. Kilichoshindwa ni kile kinachotandaza nafasi mbele ya mtu na kumwezesha kuipitia yote, iwe ni nafasi halisi au ya kufikirika. Kwa hiyo baba akimaliza nusu ya sahani na kusema chakula kimeisha, hasemi uongo wala si kwamba hana adabu. Katika sahani aliyo nayo yeye, kimeisha kweli.

Swali linalofuata ambalo watu huniuliza ni kwa nini huwa ni kushoto. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo nacho kinaweza kumfanya mtu apuuze kulia, lakini hutokea kwa nadra zaidi, huwa hafifu, na hupona mapema. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nusu mbili za ubongo hazikugawana kazi ya uangalizi kwa usawa. Nusu ya kushoto huangaza hasa upande wa kulia, kama mwenye kurunzi ndogo ya upande mmoja. Nusu ya kulia huangaza pande zote mbili. Ikiumia nusu ya kushoto, ile ya kulia bado inaifikia kona ya kulia. Ikiumia ya kulia, hakuna wa kuangaza kushoto tena. Zaidi ya hapo, nusu ya kulia inabeba mzigo mkubwa wa kumweka mtu macho na tayari kwa jumla. Ndiyo maana wagonjwa kama baba huwa wazito, wanasinzia, na kushoto kunazidi kufifia wakichoka. Jaribu kuangalia: pengine asubuhi anafanya vizuri kuliko jioni.

Je, cha kushoto kinapotelea wapi? Mwaka 1988 John Marshall na Peter Halligan, huko Uingereza, walimwonyesha mwanamke mmoja michoro miwili ya nyumba, mmoja juu ya mwingine. Nyumba zilifanana, ila moja ilikuwa inawaka moto mkali upande wa kushoto. Akaulizwa kama kuna tofauti, akasema hapana, zinafanana. Akaulizwa angependa kuishi katika ipi. Akaona swali ni la kijinga, nyumba si ni zilezile, lakini alipolazimishwa kuchagua, mara nyingi alichagua isiyoungua. Moto ulikuwa umefika mahali fulani ubongoni na kugeuza uamuzi wake, bila yeye kuujua. Nikuonye tu kwamba kisa hiki husimuliwa kwa mbwembwe kuliko kinavyostahili. Waliorudia jaribio hilo kwa wagonjwa wengine walipata pia waliochagua nyumba inayoungua, na wakatoa sababu za kuipenda. Mimi nakichukua hivi: baadhi ya kinachopuuzwa kinachakatwa hadi kwenye maana, ila si kwa kila mgonjwa wala si kila mara.

Lililo gumu zaidi nyumbani ni kwamba baba anaweza kukuambia hana shida yoyote. Wengine hufika mbali, wakakana kwamba mkono wa kushoto umepooza, na wachache huukana mkono wenyewe, wakasema ni wa mtu mwingine. Kutojua ugonjwa wako ni sehemu ya ugonjwa huu, ingawa haviendi pamoja kila mara. Federico Fellini, yule mwongozaji wa filamu wa Italia, alipigwa kiharusi mwaka 1993 kikamwacha anapuuza kushoto. Alikuwa mchoraji hodari wa vikatuni, akaendelea kuchora hospitalini. Alijua vizuri kabisa kwamba upande wa kushoto unamponyoka, akautania hata ugonjwa wake, na bado michoro yake iliendelea kukosa cha kushoto. Kwa hiyo kumwelewesha mgonjwa kwa maneno, hata akielewa na kukubali, hakumrudishii upande wake. Na kumfokea ndiyo kabisa.

Sasa nyuso. Mwaka 1947 daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliandika kuhusu wagonjwa walioumia kichwani, mmojawapo kijana wa miaka 24 aliyepigwa risasi ya kichwa. Kijana huyo hakuweza kutambua rafiki, jamaa, wala uso wake mwenyewe. Lakini aliwajua watu kwa sauti na kwa mwendo wao. Bodamer ndiye aliyeipa hali hii jina la prosopagnosia, ambalo kwa lugha ya kila siku ni upofu wa nyuso, ingawa si upofu hata kidogo.

Ukimpa mtu wa namna hii picha ya uso, atakuelezea macho, pua, mdomo, kovu la kidevuni. Mara nyingi atakwambia ni mwanamke au mwanamume, ni kijana au mzee, na huenda akajua kama amekasirika. Atakachoshindwa ni kusema huyu ni nani, au kama amewahi kumwona. Mke wake akiingia amenyamaza, amebadili mtindo wa nywele, ni mgeni. Akisema neno moja, ni mke wake. Kwa hiyo watu hawa hujifunza kuishi kwa dalili za pembeni: miwani, namna ya kutembea, koti analopenda fulani, mahali anapokaa. Shida huanza mtu anapokutwa pasipo pake.

Kwa nini uso peke yake, na si kikombe au kiti? Kwa sababu sisi hatutambui uso kwa kujumlisha viungo. Nyuso zote zina viungo vilevile katika mpangilio uleule, na tofauti ziko katika uwiano mdogomdogo wa kitu kizima. Unaweza kulihisi hili mwenyewe: geuza picha ya mtu unayemfahamu, kichwa chini miguu juu. Kumtambua kunakuwa kugumu ghafla, kuliko ukigeuza picha ya nyumba au gari. Kugeuza uso kunavunja ule usomaji wa kitu kizima. Kwa mgonjwa wa nyuso, kugeuza picha mara nyingi hakumpunguzii kitu kikubwa, maana alichokipoteza ndicho hichohicho kinachovunjika. Yupo aliyepimwa akaonekana kulinganisha nyuso zilizogeuzwa vizuri kuliko zilizosimama sawa, jambo ambalo mtu mzima wa afya halifanyi.

Kwa muda mrefu walikuwepo waliobisha, wakasema uso ni kitu kigumu tu, na ubongo ulioumia hushindwa na vigumu kwanza. Hoja hiyo ilidhoofishwa na wagonjwa wa aina mbili zinazopingana. Upande mmoja yupo mwanamume aliyepoteza nyuso za watu baada ya kiharusi, kisha akaanza kufuga kondoo. Akajifunza kuwatambua kondoo wake mmoja mmoja kwa sura zao, kazi ambayo wengi wetu tungeiona ngumu kuliko kutambua binadamu. Upande wa pili yupo mgonjwa aliyeripotiwa mwaka 1997, maarufu kwa herufi za C.K., ambaye alishindwa kutambua vitu vya kawaida kabisa kwa kuvitazama, lakini nyuso alizitambua vizuri kama mtu yeyote. Alipoonyeshwa zile picha za zamani za Mwitaliano Arcimboldo, ambazo uso umeundwa kwa matunda na mboga, aliuona uso mara moja na hakuyatambua matunda. Mmoja amepoteza uso akabaki na mengine, mwingine amepoteza mengine akabaki na uso. Ukiwa na wote wawili, huwezi tena kusema ni suala la ugumu tu.

Mwaka huohuo wa 1997, Nancy Kanwisher na wenzake waliwaweka watu wazima wa afya katika mashine ya kupiga picha ubongo unapofanya kazi, wakaonyesha eneo dogo chini ya ubongo, lenye nguvu zaidi upande wa kulia, linalochangamka kwa nyuso kuliko kwa vitu vingine. Na mwaka 2012, huko Stanford, Marekani, mgonjwa wa kifafa aliyekuwa amewekewa vijiti vya umeme ubongoni kwa ajili ya matibabu alikubali eneo hilo liguswe na mkondo mdogo. Daktari alikuwa amekaa mbele yake. Mkondo ulipowashwa, uso wa daktari ulijivuta na kugeuka kana kwamba ni wa mtu mwingine, ilhali suti na tai vilibaki vilevile. Mkondo ulipozimwa, uso ukarudi.

Na kama ilivyo kwa ile nyumba inayoungua, hapa pia kuna kinachopita chinichini. Mwaka 1984 Russell Bauer alimwonyesha mgonjwa wa nyuso picha za watu aliowafahamu, huku akimsomea majina matano kwa kila picha, moja tu likiwa sahihi. Mgonjwa akitakiwa kuchagua, alibahatisha. Lakini kiganja chake kilikuwa kimeunganishwa na kifaa kinachopima mabadiliko madogo ya jasho kwenye ngozi, na kwa zaidi ya nusu ya picha, ngozi ilishtuka zaidi jina sahihi liliposomwa. Sehemu fulani ya ubongo ilikuwa bado inamjua mtu. Tena ipo hali iliyo kinyume chake: mgonjwa anautambua uso wa mkewe bila shida, lakini ile hisia ya ukaribu haiji, na huishia kushikilia kwamba huyu ni tapeli aliyejigeuza kufanana na mke wake. Inaitwa hali ya Capgras, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1923. Huhitaji kuiogopa kwa baba, nimeitaja tu kwa sababu inaonyesha kwamba kuutambua uso na kuuhisi ni kazi mbili.

Kwa hiyo, baba anaweza kufika huko? Kiharusi hufuata mabomba ya damu. Eneo lililoumia kwa wagonjwa kama baba kwa kawaida hulishwa na mshipa wa kati wa ubongo, upande wa kulia. Eneo la nyuso liko chini na nyuma, na hulishwa hasa na mshipa wa nyuma wa ubongo. Kupuuza upande hakukui polepole kukawa upofu wa nyuso, kama vile kupooza mkono hakugeuki kuwa uziwi. Ili apoteze nyuso ingebidi sehemu nyingine ijeruhiwe. Na hilo likitokea, kwa kawaida haliji peke yake, kwa sababu majirani wanakunywa kutoka mshipa uleule: mtu hupoteza rangi akaona dunia ya kijivu, au hupotea katika njia alizozizoea, au hupofuka robo ya juu ya kushoto ya anachokitazama.

Ila angalia jambo moja usije ukaogopa bure. Baba asipokutambua ukiwa kushoto kwake, hiyo si dalili ya upofu wa nyuso. Hamia kulia, kaa kimya, mtazame. Akikujua bila kusikia sauti yako, nyuso zake zipo.

Kuhusu kupona, wengi hupata nafuu kubwa katika wiki na miezi mitatu ya mwanzo, hata bila tiba maalumu. Baadhi hubaki na mabaki kwa muda mrefu, na mabaki hayo hujitokeza zaidi wakichoka au penye msongamano. Kuna mbinu zenye msingi mzuri ambazo mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kumwanzishia. Iliyonivutia zaidi ni miwani ya prizimu, iliyoripotiwa Ufaransa mwaka 1998 na Yves Rossetti na wenzake. Miwani hiyo husogeza kila kinachoonekana nyuzi 10 kulia. Mgonjwa anaivaa na kunyoosha kidole kwenye shabaha, mara 50 hivi. Mwanzoni anakosea kulia, kisha mkono unajirekebisha. Miwani ikivuliwa, mkono unabaki umejipinda kushoto, na kwa saa mbili au zaidi baadaye wagonjwa wale waligawa mistari na kuchora vizuri kuliko kabla. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kama faida hiyo inaingia katika maisha ya kila siku, kwa hiyo ukiambiwa ni dawa ya uhakika, usikubali. Vilevile imeonekana kwamba maji baridi yakitiwa sikio la kushoto humrudishia mgonjwa upande wake kwa dakika chache, kwa sababu sikio la ndani husaidia ubongo kujua mbele ni wapi. Hilo ni la wataalamu. Usilijaribu nyumbani.

Nyumbani fanya haya. Ukiwa na jambo la muhimu, dawa au swali la daktari, kaa kulia kwake ili limfikie. Ukiwa katika mazoezi, anzia kulia, mshike macho, kisha sogea polepole kuelekea kushoto ukimsemesha ili akufuate. Akisoma, chora mstari mnene mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, na mfundishe asianze mstari mpya mpaka macho yameugusa ule mwekundu. Sahani izungushe akiwa katikati ya kula, lakini mwombe kwanza aitafute nusu iliyobaki, usimfanyie kila kitu. Mkono wake wa kushoto uweke juu ya meza mahali anapouona, na kama anatumia kiti cha magurudumu, breki ya kushoto uikague wewe. Asiendeshe gari na asivuke barabara peke yake hadi apimwe upya, hata akisema yuko sawa, kwa sababu gari litokalo kushoto kwake halitakuwepo mpaka limfikie.

Na ikitokea siku moja ghafla hatambui nyuso hata akiwa anazitazama upande wa kulia, au rangi zimemtoka, au amepotea ndani ya nyumba yake, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Hicho kinaweza kuwa kiharusi kipya katika mshipa mwingine. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie dalili zilianza saa ngapi.